Siagi Mbichi Juu ya Samli

Binti yetu wa tatu alipoposwa, mke wangu alianza kutengeneza samli ya siku ya koito miezi mitano mapema. Koito ni siku ambayo watu wa upande wa kijana huja nyumbani kwa msichana kukubaliana, na mambo yakiisha salama wazee huwapaka mafuta ya ng'ombe kwenye paji la uso, wale wawili kwanza, halafu wageni. Mafuta hayo sisi Wakipsigis huyaita mwaita. Siku hizi wengine hutuma mtu dukani akanunue siagi iliyofungwa kwa karatasi. Mke wangu hakutaka. Alisema binti yake atapakwa mafuta ya ng'ombe wa mama yake, na kitakachobaki kitamwagwa juu ya ugali wa wageni.

Tuna shamba la chai upande wa Litein, si kubwa, na wakati huo tulikuwa na ng'ombe watatu wa kukamuliwa. Maziwa ya asubuhi yalienda kwa gari la maziwa. Ya jioni yalikuwa yake. Aliyaacha yagande, akayasukasuka ndani ya kibuyu mpaka siagi ikakusanyika, kisha akaiosha siagi kwa maji baridi, akiikandakanda na kumwaga maji, mara nne, mara tano, hadi maji yatoke safi kama yalivyoingia. Siagi ya hivyo, katika baridi yetu, hukaa siku mbili tatu bila friji, labda nne. Kisha inaanza kuwa na harufu ya mtoto aliyecheua. Kwa hiyo hakuiacha ifike huko. Kila alipopata ya kutosha aliiweka kwenye sufuria juu ya moto mdogo, akakaa nayo.

Nimemwona akifanya hivyo miaka mingi na sikuwahi kuuliza kwa nini anakaa. Siagi ikiyeyuka huanza kutoa povu na kupiga kelele, kama mvua ndogo juu ya mabati. Kelele hiyo ni ya maji yaliyofichika ndani yake, yanatoka. Baada ya muda kelele hupungua, povu hushuka, masalio ya maziwa huenda chini na kugeuka kahawia, na mafuta ya juu yanakuwa angavu hadi unaona chini ya sufuria. Hapo ndipo anapoepua. Aliichuja kwa kitambaa kikavu, akaiacha ipoe, akaimimina kwenye kopo kubwa la aluminiamu lenye kifuniko cha kubana. Kijiko kilichoingia humo kilikuwa kikavu. Samli iliyopikwa hivyo na kufungwa hivyo hukaa miezi mingi kwenye rafu. Mama yangu alikaa nayo zaidi ya mwaka.

Kopo lilikaa stoo. Stoo yetu ni ya udongo, haina dirisha, na hata jua la Februari haliingii humo. Chini ya rafu kulikuwa na mitungi ya plastiki mitatu au minne, inayoonyesha ndani, iliyojaa mafuta mekundu ya mawese. Hayo hayakuwa yetu. Yalikuwa ya mama mmoja wa kutoka ziwani, mjane, aliyepanga chumba cha mabati karibu na barabara na kuuza dagaa na mawese kwa watu wa kwao wanaofanya kazi kwenye mashamba makubwa ya chai. Yeye na mke wangu walikuwa marafiki kwa njia ambayo sikuielewa vizuri. Walikaa jikoni wakicheka kwa Kiswahili, kwa sababu hakuna aliyejua lugha ya mwenzake. Mimi aliniita shemeji.

Aliomba nafasi stoo kwa sababu chumba chake kilikuwa na joto na dirisha kubwa. Alisema mawese hayapendi jua wala joto. Ule wekundu ndio unaoyalinda, na mwanga ukiwa unayapiga kila siku wekundu unakwenda, na ukishakwenda mafuta yanachacha. Yakikaa gizani, yamefungwa, yanamaliza mwaka. Kwenye baridi yetu yaligawanyika, juu mekundu mepesi, chini mazito ya rangi ya chungwa. Nilimwuliza siku moja kama yameharibika.

"Shemeji, hata wewe asubuhi ukitoka kitandani huwa mzito," alisema. "Ukiota moto unarudi."

Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini.

Sasa nitaeleza nilichofanya. Zilipokuwa zimebaki wiki kama kumi kabla ya koito, mke wangu alienda Bomet kwa dada yake aliyefanyiwa upasuaji, akakaa huko karibu mwezi. Nilibaki peke yangu. Binti alikuwa kazini mjini Kericho. Kwetu mwanamume haingii kwenye vyombo vya maziwa vya mkewe. Hakuna sheria iliyoandikwa, lakini hata baba yangu, ambaye hakuogopa mtu, angekaa na njaa kabla ya kufunua kibuyu cha mama. Mimi nilisoma hadi kidato cha nne na nilijiona nimeshavuka hayo. Siku ya pili nilipanda kwenye kiti, nikafungua kopo na kuchota samli kidogo ya kuweka juu ya ugali. Siku ya tatu tena. Ilikuwa tamu, ya chembechembe, na nyumba ilikuwa kimya. Sikuwa na sababu nyingine.

Mke wangu alipotuma habari kwamba anarudi kesho, nilitazama ndani ya kopo nikaona samli imeshuka vidole vinne.

Nilikuwa na maziwa ya siku kadhaa. Nilikusanya malai, nikayatia kwenye chupa ya soda, nikaitikisa mpaka mkono ukauma. Siagi ilipatikana. Sikuiosha, niliona ni kupoteza wakati. Niliiweka kwenye sufuria na ikaanza kuyeyuka na kupiga ile kelele. Wakati huo nikasikia lori la chai likipiga honi kule kwenye kituo cha kupimia majani, na gunia langu la majani lilikuwa bado mlangoni. Lori likikupita, majani yanalala na kunyauka, na kesho karani anayakataa. Nilitazama sufuria. Ilikuwa imeyeyuka yote na rangi yake ilikuwa ya njano. Nilijiambia samli ni siagi iliyoyeyuka. Niliimimina kwenye kopo, ikiwa bado inatoa povu, juu ya ile ya zamani iliyokuwa imeganda, nikafunga kifuniko ikiwa moto, nikabeba gunia na kukimbia.

Kesho yake mke wangu alifunua kopo, akaona limejaa kama alivyoliacha, akafunika. Kwa kuwa lilikuwa limejaa, hakuongeza tena. Alianza kutia siagi mpya kwenye chombo kingine, ya kutumia nyumbani.

Siku moja kabla ya koito, wanawake walikuwa wamejaa jikoni: mke wangu, shangazi yake mzee ambaye ndiye angepaka wageni, wengine wawili wa ukoo, na yule mama wa ziwani aliyekuja kusaidia kukatakata mboga za sukuma. Mimi nilikuwa nje nikipanga viti. Mke wangu alileta kopo, akalifungua, na sauti zikakatika. Niliingia kuona kuna nini.

Harufu ilifika mlangoni. Ilikuwa ya jibini chungu na ya matapishi ya mtoto, na nyuma yake kitu kama rangi ya kupaka milango. Upande wa ndani wa kifuniko kulikuwa na matone, na pembeni ya kopo, pale juu, alama mbili za ukungu wa kijani.

Shangazi alichovya ncha ya kidole, akaonja, akatema kwenye majivu.

"Hii inakwaruza koo," alisema. "Nani alipika hii?"

"Mimi," mke wangu alisema. "Mimi ndiye niliyepika."

Nilimwona akitazama kopo kama mtu anayehesabu siku. Alikuwa amejulikana kwa samli yake tangu tulipooana.

Mmoja wa wale wa ukoo alisema pengine ukungu ukwanguliwe na mafuta yachemshwe tena. Mama wa ziwani alikataa. Alisema mafuta yaliyochacha tu hayaui mtu. Yanaharibu ladha, na tumbo dogo yanaweza kulisumbua, basi. Lakini ukungu ni kitu kingine, kwa sababu mizizi yake huioni, na kuchemsha hakutoi kila kitu ukungu ulichoacha ndani, hata ile harufu haiondoki. Kisha akachukua kijiko cha chuma, akachota kutoka juu, mbali na ukungu, akakiweka juu ya makaa.

Mafuta kwenye kijiko yalianza kutatarika na kurusha matone.

"Sikieni," alisema. "Ina maji. Samli yako, dada, haijawahi kupiga kelele. Mimi naijua." Alichota nyingine kutoka chini kabisa, kwa kijiko kingine. Hiyo iliyeyuka kimya. Akanielekezea macho, si kwa ukali. "Hapa juu kuna siagi iliyoongezwa, haikuiva. Maji yake na maziwa yake ndiyo yameoza, yakaambukiza ya chini. Kuna mtu alijazia?"

Jikoni hapakuwa na mtu mwingine ambaye angeweza kujibu. Mke wangu aligeuka akanitazama.

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Shangazi angenitukana kidogo, wanawake wangenicheka mwaka mzima, na ingekwisha hapo. Nilijua hivyo hata wakati ule.

"Ni hayo mawese," nilisema. "Mafuta huvuta harufu. Miezi yote yamekaa chini ya samli. Ungetegemea nini?"

Uongo huo ulikuwa na nguvu kwa sababu nusu yake ni kweli. Mafuta huvuta harufu, kila mwanamke pale alijua. Ndiyo maana hawaweki siagi karibu na vitunguu wala mafuta ya taa. Lakini huvuta yakiwa wazi. Kopo lilikuwa limefungwa, na mitungi ilikuwa imefungwa, na ile haikuwa harufu ya mawese.

"Shemeji," mama wa ziwani alisema polepole, "mawese yanaleta maji?"

"Jasho la kopo," nilisema. "Na mimi sijagusa vyombo vya wanawake. Nifanye nini humo?"

Shangazi aliitikia kwa kichwa. Mwanamume kuingia kwenye vyombo vya maziwa lilikuwa jambo asiloweza kulifikiria, na hilo ndilo lililoniokoa. Alisema kwa Kipsigis kwamba alishawahi kuonya kuhusu kuweka vitu vya watu wa mbali pamoja na mwaita. Yule mama hakuelewa maneno, ila alielewa nyuso. Mke wangu alilifunika kopo. Kisha akamwambia, bila kumtazama, kwamba ingekuwa vizuri ahamishe mitungi yake kabla wageni hawajafika kesho.

Aliihamisha jioni ileile kwa toroli, safari mbili. Mimi nilimsaidia kuinyanyua.

Koito ilikwenda vizuri. Ya nyumbani ilikuwa imekwisha, basi jirani wa juu alitupa siagi ya jana, safi, na shangazi akampaka binti yetu na kijana na wageni wote, na nyuso zikang'aa. Nilitoa hotuba. Lile kopo lenye samli mbovu nililizika nyuma ya zizi.

Baada ya hapo ilikuja miezi ya kiangazi. Mitungi ya mawese ilikaa kwenye chumba cha mabati, chini ya dirisha, kwa sababu hakukuwa na mahali pengine. Nilipita barabarani nikaiona, na kila nilipopita nikaona ule wekundu unafifia, kutoka rangi ya nyanya hadi ya chungwa, hadi njano chafu. Wateja wake walianza kusema mafuta yake yanawasha koo. Watu wetu walikuwa wameshasikia kutoka jikoni kwetu kwamba mafuta ya yule mama huharibu vitu, na sasa hata watu wake mwenyewe wakathibitisha. Nilichosema kikiwa uongo mwezi wa kumi na mbili kilikuwa kweli mwezi wa tatu, na mimi ndiye niliyekifanya kuwa kweli. Aliyamwaga mengine, mengine akawapa watu wa kutengeneza sabuni. Kabla mvua haijaanza alihamia Kapsoit. Alikuja kumuaga mke wangu, akasimama uani, hakuingia ndani.

Nilikaa na jambo hilo karibu miaka miwili. Sitasema lilininyima usingizi, nililala. Mambo ya namna hii mtu huweza kuishi nayo vizuri kabisa, na hilo ndilo ninalolionea aibu zaidi.

Kilichonifungua mdomo ni kitu kidogo. Binti yetu, ambaye sasa ameolewa Mogogosiek, alikuja na mtoto wake wa kwanza. Mama yake alimfundisha kupika samli. Nilikuwa nimekaa mlangoni nikinoa panga. Alimwonyesha kuosha, alimwonyesha kusikiliza sufuria mpaka inyamaze, kifuniko kikavu, kijiko kikavu. Kisha akasema:

"Na usiweke kamwe stoo moja na mawese. Ya koito yako iliharibika hivyo."

"Hata yakifungwa?" binti aliuliza.

"Hata yakifungwa. Baba yako ndiye aliyegundua."

Binti alinitazama kwa heshima. Niliweka panga chini, nikawaambia yote: ugali, vidole vinne, chupa, lori la chai. Niliwaambia nikiwa nimetazama uani.

Binti alicheka kwanza, akidhani ni mzaha. Mama yake hakucheka. Alishusha sufuria kutoka motoni.

"Nilimfukuza," alisema.

"Mimi ndiye niliyemfukuza."

"Hapana. Wewe ulidanganya. Mimi nilimfukuza, na nilisikia kijiko kikitatarika kwa masikio yangu. Nilijua sauti ile." Alijifuta mikono. "Utaenda Kapsoit wewe mwenyewe. Sikutumi na salamu, usije ukajificha nyuma yake."

Nilienda siku iliyofuata. Kibanda chake kilikuwa nyuma ya soko, na mitungi ilikuwa ndani kabisa, imefunikwa kwa gunia. Alinikaribisha kwenye kiti cha plastiki. Nilisema nilichokuja kusema, kwa ufupi, maana alikuwa na wateja.

Alimpimia mtu dagaa, akamrudishia chenji, ndipo akanijibu.

"Nilijua siku ile, shemeji. Kulikuwa na siagi imeganda kwenye shingo ya chupa ya soda pale stoo, nyuma ya majembe. Niliiona nilipokuwa natoa mitungi."

"Mbona hukusema?"

"Kesho yake ilikuwa koito. Nianze kumwambia msichana baba yake ni mwongo mbele ya shangazi?" Alipanga mafungu ya dagaa upya ingawa yalikuwa yamepangika. "Nilingoja useme mwenyewe. Nilidhani wiki moja. Wiki mbili nikisema sana."

Nilimwomba msamaha. Alisema amesikia. Kisha aliniuliza nimemwambia nani mwingine zaidi ya mke wangu.

"Binti yangu."

"Na wale wengine? Uliponisema ulisema mbele ya watu. Sasa unakuja kunong'ona Kapsoit."

Hilo sikuwa nimelifikiria. Nilimwambia nitafanya. Nilimwambia pia kwamba stoo yetu bado ina nafasi, akitaka.

"Hapa pana giza la kutosha," alisema, akionyesha mitungi kwa kidevu.

Shangazi alikuwa bado hai. Nilienda kwake kwanza, na alinisikiliza hadi mwisho, akauliza mara mbili kama kweli nilipanda juu ya kiti. Alisema angeniamini upesi zaidi kama ningesema nimeiba ng'ombe. Kisha, Jumatano moja, kwenye kituo cha chai, tukingoja lori, nilisema mbele ya wote waliokuwepo. Walikuwa kama ishirini, wake kwa waume. Walicheka sana. Mmoja aliniuliza kama sasa napika pia chapati. Mwanamke mmoja mzee hakucheka. Aliuliza kama yule mama anajua kwamba nimesema. Nilimwambia bado.

"Basi mtumie mtu amwambie," alisema. "Wewe umeshakwenda mara moja, ukienda tena utataka ukaribishwe chai."

Mke wangu ndiye aliyeenda. Alibeba kopo dogo la samli, jipya, akaondoka na gari la saa nne, akarudi jioni na chupa ya mawese iliyofungwa kwa gazeti. Aliiweka stoo, kwenye rafu moja na samli. Tangu hapo huenda Kapsoit kila mwezi, wakati mwingine mara mbili, peke yake. Sijui wanazungumza nini. Sijauliza, na hajaniambia niandamane naye.